Splaini kadinali: mkazo mmoja hauponyi kila kona

Wanaotengeneza njia za roboti au za kamera kwa splaini kadinali, yaani mstari uliopinda unaounganisha vituo, wamegawanyika pande mbili. Kuna wanaoacha mkazo, namba inayoamua mstari huo uvutwe kiasi gani ili unyooke, kwenye 0 wakisema njia ndiyo inakuwa laini zaidi, na kuna wanaoupandisha kila njia inapoanza kuvimba au kutambaa nje ya mipaka. Kila upande una hoja, lakini naona wote wanakipa kigezo hiki kazi isiyo yake.

Splaini hii hupita katika kila kituo ulichoweka. Mwelekeo na kasi ya kupita kwenye kituo (tuviite tanjenti) hupatikana kwa kutazama jirani wawili, wa nyuma na wa mbele:

```
m[i] = (1 - c) * (p[i+1] - p[i-1]) / 2
```

Hapo `p` ni mahali pa kituo na `c` ndiyo mkazo. Ukiwa 0 unapata splaini ya Catmull-Rom, iliyotolewa mwaka 1974. Ukiwa 1 tanjenti zote zinakufa na vituo vinaunganishwa kwa mistari iliyonyooka. Angalia programu yako kabla ya kubishana na mtu: kwenye `curveCardinal` ya D3, maktaba ya JavaScript ya kuchora, namba 1 ndiyo inayonyoosha, ila kwenye maktaba nyingine, Chart.js, `tension` ya 0 ndiyo inayonyoosha.

Sasa chukua roboti inayotembea kwenye ujia mnyoofu kabisa, vituo vikiwa mita 0, 10, 11 na 21. Hakuna kona, kwa hiyo ungetegemea isiwe na tatizo. Kwa mkazo 0, tanjenti kwenye mita 10 ni (11 − 0)/2, yaani 5.5, na kwenye mita 11 ni (21 − 10)/2, yaani 5.5 tena. Lakini kipande kilichopo kati yao kina mita 1 tu. Ukipiga hesabu ya kipande hicho, roboti inafika mita 10.68, inarudi nyuma hadi 10.32, kisha inasonga mbele tena. Kwenye skrini mstari unaonekana umenyooka safi, kwa sababu marudio yote yamelala juu ya mstari uleule. Utaligundua tatizo roboti ikishaanza kutikisika.

Wa upande wa pili watasema: pandisha mkazo. Ni kweli, inasaidia. Kwenye kipande kama hiki kurudi nyuma hukoma tanjenti zisipozidi mara tatu ya urefu wa kipande, na hapa hiyo ni `c` ya takriban 0.45. Tatizo ni kwamba namba hiyo moja inatumika njia nzima. Kwingineko, vituo vikiwa vimeachana mita 10 kwa usawa kwenye mstari mnyoofu, mkazo 0 ulikuwa unakupa mwendo wa mita 10 kwa muda wa kipande kimoja, bila kubadilika. Kwa 0.45 mwendo unashuka hadi 5.5 kwenye kila kituo na kupanda hadi 12.25 katikati. Pengo moja la mita 1 limeifanya safari yote kuwa ya breki na gesi. Kwa `c` ya 1 hali ni mbaya zaidi: roboti inasimama kabisa kwenye kila kituo. Kama kasi unaipanga upya baadaye kwa umbali halisi, hasara hii inapungua sana, na kwa mchoro tu wa kwenye karatasi haipo. Hapo upande wa mkazo mkubwa uko sawa kabisa.

Kwa mwendo, mimi nalaumu nafasi kati ya vituo kabla ya kugusa mkazo. Fomula ile inachukulia kwamba kila kipande kina muda uleule, kiwe na mita 10 au mita 1. Toleo la Catmull-Rom linalogawa muda kwa kipeuo cha pili cha umbali hulirekebisha jambo hilo: kipande cha mita 10 kinapata 3.16, cha mita 1 kinapata 1. Tanjenti kwenye mita 10, kwa kipimo cha kipande kifupi, inashuka kutoka 5.5 hadi takriban 1.52, na roboti haigeuki nyuma tena, bila kugusa `c`. Mtafiti Yuksel na wenzake walithibitisha mwaka 2009 kwamba mgawanyo huo hauachi njia ijikate yenyewe wala kutengeneza ncha kali ndani ya kipande. Kwenye D3 ni `curveCatmullRom.alpha(0.5)`.

Mkazo nao una mahali pake: vituo vikiwa vimepangwa kwa usawa, na njia ikiwa inavimba kidogo kwenye kona kuliko ukuta unavyoruhusu. Hapo anza na 0 na upandishe polepole, 0.1 kisha 0.2, huku ukipima umbali wa njia kutoka ukutani kwenye kila kipande. Kama unajikuta unavuka 0.5, ongeza kituo kimoja karibu na kona hiyo na urudishe mkazo chini.