Vioo wazi au kiyoyozi: ubishi wa njia ya Musoma

"Mjini Mwanza nashusha vioo. Nikishapita Igoma nafunga na kuwasha kiyoyozi, maana kwenye spidi upepo unakula mafuta zaidi. Niko sahihi?"

Kwa mjini, ndiyo. Kwa safari ya Magu hadi Bunda kwa mwendo wa 80 au 90, hapana.

Wanaotetea kiyoyozi wana hoja ya kweli. Kioo kikishushwa, hewa iliyokuwa ikiteleza ubavuni inaingia ndani, inazunguka, na kulivuta gari nyuma. Tena mzigo wa upepo hukua haraka mno: ukiongeza spidi mara mbili, nguvu inayotakiwa kuupasua upepo inapanda mara 8. Kompresa ya kiyoyozi haina tabia hiyo. Inasikiliza zaidi joto kuliko spidi. Kwa hiyo ipo spidi ambapo vioo wazi vinaanza kuwa hasara. Watu wengi wanalijua hilo, ila wanadhani spidi hiyo iko karibu. Iko mbali sana.

Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, Marekani, ililipima jambo hili kwa Toyota Corolla na Ford Explorer, zote za mwaka 2009, na matokeo yakachapishwa 2013. Kati ya kilomita 64 na 113 kwa saa, magari yote mawili yalikunywa zaidi kiyoyozi kikiwa mwisho kuliko vioo vikiwa wazi. Corolla ilitoka sare kwenye 121, na vioo vikashindwa kwenye 129. Kwa Explorer vioo viliendelea kushinda hata juu ya 113. Gari la umbo la boksi limeshauvuruga upepo tayari, kioo wazi hakiongezi mengi.

Hebu itazame hiyo 121 kwa macho ya dereva wa huku. Basi la abiria mwisho wake ni 80. Kila kijiji kina kibao cha 50. Ni wapi kati ya Magu, Lamadi na Bunda utakaa kwenye 121 kwa muda wa kutosha hadi vioo vikuletee hasara? Isitoshe, sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Upepo unaolizuia gari unapungua kwa kiasi hicho hicho.

Tupige hesabu ya makadirio kwa gari dogo la petroli. Kompresa inayovuta kilowati 1.5 mchana wa jua itakula kama theluthi mbili za lita kwa saa. Vioo wazi kwenye 80 vinaongeza mzigo wa kama kilowati 0.4, yaani chini ya robo lita kwa saa. Safari ya kilomita 200 kwa mwendo huo ni saa mbili na nusu: kiyoyozi kimekula lita 1.7 hivi, vioo kama nusu lita. Mjini pengo ni kubwa zaidi kwa kila kilomita. Ukiwa kwenye foleni ya Buzuruga kompresa inakula saa kwa saa wakati gari halisogei, ilhali upepo wa kulizuia gari haupo kabisa.

Hata hivyo kipimo kile kilikuwa cha kiyoyozi kikiwa mwisho, kompresa haipumziki. Gari likishapoa, kompresa huanza kupumzika, na ile spidi ya sare inashuka chini ya 121. Asubuhi ya baridi kidogo, kitufe cha A/C kikiwa kwenye kiwango cha chini, tofauti kwenye 100 inaweza kuwa ndogo kiasi cha kutoiona kwenye tangi. Mvua, vumbi la matengenezo ya barabara na mawingu ya wadudu wa ziwani pia ni sababu halali za kufunga vioo. Hapo unalipia starehe na usalama, na bei yake si kubwa.

Ila hakikisha kompresa yako inapumzika kweli. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma, sikiliza klachi ya kompresa: inashika kwa mlio wa "tak", mzunguko wa injini unatikisika kidogo, kisha inaachia. Ikiwa gari limeshapoa na bado haiachii hata kwenye kiwango cha chini, fungua boneti utazame kondensa, ile inayokaa mbele ya rejeta. Wadudu na vumbi vikiziba mapezi yake, joto halitoki, shinikizo la gesi linapanda, na kompresa inakuwa nzito kuzungusha. Ioshe kwa maji ya mpira yasiyo na kasi, kwani mashine ya presha hulaza mapezi. Kama hata baada ya hapo haiachii, mpelekee fundi apime shinikizo kabla hujakubali kuongezewa gesi. Gesi ikizidi nayo huleta mzigo huo huo.

Na gari lililoachwa juani, shusha vioo vyote uende navyo dakika mbili tatu ndipo ufunge na kuwasha. Joto lile lililojifungia ndani litatoka bure.