Pengo la 1966 kwenye piramidi ya Japani

"Kwenye piramidi ya watu ya Japani, mchoro unaopanga watu kwa umri, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, hilo pengo karibu na umri wa miaka 60 ni la vita?"

Hapana, ndugu. Vifo vya vitani hula zaidi upande wa wanaume. Hapa pande zote mbili zimeliwa sawa. Ni 1966, mwaka wa Farasi wa Moto katika kalenda ya jadi. Wengi waliamini msichana aliyezaliwa mwaka huo angemletea mumewe balaa, wakaahirisha kuzaa. Waliozaliwa wakapungua kwa karibu robo, kisha 1967 wakaongezeka tena.

Ila pengo hilo halikuonyeshi uzee wa nchi. Tazama kitako cha piramidi, walipo watoto: cha Japani kinazidi kuwa chembamba, na karibu watu 29 kati ya 100 wana miaka 65 au zaidi. Tanzania, sensa ya 2022, kitako ni kipana: zaidi ya 4 kati ya 10 hawajafika miaka 15.