Saa Kumi ya Wapi?

Nyumba yetu ina wapangaji watano na mita moja ya luku. Ijumaa, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, feni ikasimama. Zamu ya nani kununua? Kimya. Jamaa wa chumba cha pili, aliyekuwa akipiga pasi mashati ya wiki nzima, eti anakagua koki ya bomba.

Mimi saa kumi na mbili nina kipindi cha Kiswahili na mama mmoja wa Berlin. Kompyuta yangu bila umeme haiwaki hata kwa maombi. Simu ina asilimia tisa. Na kanuni ya kutoa taarifa saa 24 kabla niliiandika mwenyewe, tena kwa wino uliokoza: mwanafunzi akichelewa kutoa taarifa, analipa. Mwalimu akichelewa je? Hapo wino uliisha.

Nikataka kusingizia msiba. Nikakumbuka bibi yangu nilishamzika Machi, na Juni nikamzika tena. Basi nikaandika ukweli:

“Shikamoo Mama. Kipindi cha leo hakitakuwepo, umeme umekatika. Samahani sana kwa kukwambia dakika za mwisho. Hiki sikihesabu, utakipata bila malipo. Tufanye kesho au Jumatatu, saa 12 jioni?”

Siku mbili nilizitaja makusudi. Ukimwambia mtu “siku yoyote ukipata nafasi”, mtajibizana mpaka Krismasi.

Kidole kiko juu ya kutuma, nikashtuka. Saa 12 ya wapi? Na Jumapili hii ndiyo ya mwisho ya Oktoba, Wajerumani wanarudisha saa zao nyuma! Leo tumewapita saa moja, Jumatatu tutakuwa tumewapita mbili. Sisi jua letu halina mambo hayo, linazama pale pale lilipozoea. Asilimia sita. Nikafuta mstari wa mwisho, nikaandika upya:

“Kesho Jumamosi, 18:00 Dar, yaani 17:00 Berlin. Au Jumatatu, 18:00 Dar, yaani 16:00 Berlin, kwa sababu saa zenu zitakuwa zimebadilika. Ipi inakufaa?”

Nikatuma. Nikajipongeza. Hata nikamsamehe yule wa pasi.

Jibu likaja haraka, maana wenzetu umeme wanao:

“Marahaba, Mwalimu! Pole na umeme. Jumatatu saa kumi.”

Saa kumi! Wiki iliyopita nilimfundisha saa za Kiswahili, akafurahi kama mtoto wa Idi. Sasa hii ni saa kumi ya jioni, yaani 16:00 yake, nami nitakuwa tayari? Au amehesabu 16:00 ya Dar, nije kumkuta ameshasubiri saa mbili nzima? Au amesahau somo, na anamaanisha 10:00 asubuhi?

Asilimia mbili. Nikaandika mbio: “Mama, saa kumi ya wapi?”

Tiki moja. Simu ikazima.

Huku nje nasikia yule wa pasi anauliza kwa upole kama kuna mtu mwenye kununua luku.