Chanjo ya HPV haifungi kizazi

Mzazi akiniuliza, "Mbona chanjo hii mnawachoma wasichana, tena wakiwa wadogo? Hamtaki kuwafunga kizazi?" siwezi kumwita mjinga. Anamlinda mwanawe, na anastahili kujibiwa mpaka aridhike.

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na kirusi cha HPV, kinachoambukizwa hasa kwa kujamiiana. Miili ya watu wengi hukiondoa yenyewe. Kwa baadhi ya wanawake hubaki, kikaharibu chembe za mlango wa kizazi polepole kwa miaka mingi bila maumivu yoyote.

Ndani ya chanjo hakuna kirusi hicho. Kuna protini iliyotengenezwa ifanane na ganda lake la nje, ganda tupu lisilo na vinasaba, hivyo haliwezi kuzaliana wala kuambukiza. Mwili hulitambua ganda hilo na kutengeneza kinga. Hakuna homoni ya kuzuia mimba, na chanjo haiharibu mayai wala mfuko wa uzazi. Kinachoweza kweli kumnyima mwanamke uzazi ni saratani yenyewe, kwa sababu mara nyingi tiba yake ni kuondoa kizazi au kupigwa mionzi.

Umri wa miaka 9 hadi 14 umechaguliwa kwa sababu chanjo huzuia maambukizi, haitibu yaliyokwisha kuingia. Hatudhani binti yako ameanza mapenzi. Tunataka kinga itangulie. Nchini Sweden, watafiti waliofuatilia zaidi ya wasichana na wanawake milioni 1 walieleza mwaka 2020 kwamba waliochanjwa kabla ya kutimiza miaka 17 walipata saratani hii kwa asilimia 88 pungufu kuliko wasiochanjwa.

Madhara yapo, na sipendi tuyafiche. Mkono huuma, kichwa huweza kugonga, homa kidogo huja na kupita. Wengine huzirai kwa hofu ya sindano. Shuleni, binti mmoja akianguka, wenzake nao hutishika, na kufika jioni mtaa mzima umesikia kwamba chanjo ni sumu. Ndiyo maana tunawakalisha dakika 15 baada ya sindano. Mzio mkali hutokea kwa nadra sana, nao hutibiwa papo hapo.

Mlete binti kwenye kituo cha afya au kliniki ya mama na mtoto iliyo karibu, au uliza shuleni siku ambayo wachanjaji watafika. Njoo na kadi yake. Mwambie muuguzi kama aliwahi kupata mzio mkali baada ya chanjo, kama ni mjamzito, au kama anaishi na VVU, kwani huyo huhitaji dozi zaidi ya moja. Nawe mama, usiache kupimwa mlango wa kizazi, maana chanjo ya binti haikukingi wewe. Hata yeye atahitaji kipimo hicho akiwa mtu mzima, kwa kuwa chanjo haizuii kila aina ya HPV.