Nauli inayopanda kadiri treni inavyojaa itamwangukia nani Dodoma?

Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam, Julai 2024, nauli ya daraja la kawaida iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilikuwa shilingi 31,000. Uwe umekata tiketi wiki nzima kabla au siku ya safari, bei ni ileile. Ufaransa waliachana na utaratibu wa namna hiyo kwenye treni zao za kasi za TGV mwaka 1993, wakachukua mtindo wa mashirika ya ndege, wa kubadili nauli kadiri tiketi zinavyouzwa. Sasa nasikia watu wakitamani na sisi tuufuate, nami nina shaka na mtindo huo.

Wengi wanadhani bei hupanda kwa sababu viti vimekaribia kwisha. Sivyo hasa. Kanuni yake iliandikwa mwaka 1972 na Ken Littlewood wa shirika la ndege la Uingereza, BOAC. Tuseme behewa lina viti 100, nauli ya mapema ni 20,000 na ya mwisho ni 45,000. Ukikiuza kiti leo, una uhakika wa 20,000. Ukikiacha, utapata 45,000 iwapo tu atatokea mchelewaji, yaani mtu anayekata tiketi dakika za mwisho. Gawa 20 kwa 45, unapata asilimia 44. Kumbukumbu za safari zilizopita zikionyesha kwamba uwezekano wa kupata wachelewaji 30 au zaidi unapita asilimia 44, basi viti 30 vinawekwa akiba. Kwa hiyo mnunuzi wa 71 anaambiwa 45,000 huku karibu theluthi ya behewa ikiwa tupu.

Hesabu ni safi. Kasoro iko kwenye dhana yake kwamba mchelewaji ndiye mwenye uwezo.

Hapa Dodoma wachelewaji ni wa aina mbili. Yupo mtumishi wa mji wa serikali, Mtumba, aliyeitwa kikaoni Dar ghafla, naye nauli hailipi mfukoni mwake. Yupo pia mama wa Chamwino aliyepigiwa simu usiku kwamba mwanawe amelazwa Muhimbili. Kompyuta inawaona kuwa mtu mmoja, kwa kuwa wote wamenunua tiketi siku ya safari. Wakati wa Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, hao wa kwanza wakiongezeka akiba ya viti itakua, na huyo mama atalipishwa bei iliyopandishwa na vikao.

Siupingi mfumo wote. Daraja la biashara lipandishwe kadiri litakavyopanda. Kwa daraja la kawaida nataka ukomo, kama India walivyofanya mwaka 2016 kwenye treni zao za Rajdhani: kila asilimia 10 ya nafasi zikiuzwa nauli ya msingi ilipanda asilimia 10, lakini haikuruhusiwa kupita mara moja na nusu. Na kila treni ibakize viti kadhaa vya bei ya kawaida, viuzwe asubuhi ya safari tu, kwa kitambulisho cha msafiri mwenyewe ili walanguzi wasivizoe. Mama wa Chamwino akifika stesheni alfajiri, akikute kimoja.