Gauni jekundu limefubaa kwenye simu? Angalia kala spesi kabla hujagusa rangi

Kuna picha moja niliediti ya dada kavaa gauni jekundu, nikakaa nayo masaa matatu hadi ile nyekundu ikaiva vile nilikuwa naitaka, nikaeksipoti JPEG nikamtumia kwenye simu. Dakika mbili tu ananipigia, "Kaka, mbona gauni langu limepauka hivi?" Nikafungua kwangu kwenye simu na kweli, gauni limefubaa na ngozi imekuwa kama ya mtu anayeumwa. Narudi kwenye kompyuta, faili lile lile, safi kabisa.

Basi nikafanya kile wengi wetu tunafanya, nikapandisha ukolezo wa rangi mpaka kwenye simu ikapendeza. Sasa kwenye kompyuta gauni likawa linawaka kama taa ya breki. Hii njia naipinga kabisa na bado naona watu wanafundishana, maana unaharibu picha nzima ili kuficha kosa ambalo halipo kwenye rangi, lipo kwenye namna faili linavyosomwa.

Iko hivi. Picha ya kidijitali ni namba tu, kila pikseli ina namba tatu, nyekundu kijani na bluu, kuanzia 0 hadi 255. Lakini namba 255 ya nyekundu inamaanisha nyekundu ya mwisho, sasa mwisho wa wapi? Hapo ndo inaingia kala spesi, yani ule mpaka unaosema rangi zinaanzia wapi na kuishia wapi. sRGB ilitengenezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na ndo hiyo simu na mitandao inaichukulia kuwa kawaida kama faili halijasema kitu kingine. Adobe RGB ilikuja 1998 na ni pana zaidi, hasa upande wa kijani.

Chukua nyekundu kali kuliko zote za sRGB, yani 255,0,0. Rangi hiyo hiyo ukiiandika kwa Adobe RGB inakuwa kama 219,0,0. Jicho linaona kitu kimoja, namba ni mbili. Ni sawa na saa mbili asubuhi na 8:00, wakati ni ule ule, ila mtu akiandikiwa 8 akaisoma saa nane atakuja wakati nyie mshamaliza.

Sasa programu ya kuediti inajua namba ni za kala spesi gani kwa sababu faili linabeba lebo ndani yake, inaitwa profaili ya ICC. Apu za kutumiana picha huwa zinaibana picha upya, na zingine katika kuibana zinaitupa ile lebo. Ikishatupwa simu inaona 219 bila maelezo, inaisoma kama sRGB, na 219 ya sRGB ni nyekundu ambayo haijafika mwisho. Faili langu lilikuwa la Adobe RGB na hapo ndo gauni lilipaukia, namba zilibaki karibu zile zile, ila zilisomwa vibaya.

Tiba yake kwenye Photoshop ni Edit kisha Convert to Profile, unachagua sRGB IEC61966-2.1, halafu ukisave unaacha tiki kwenye ICC Profile. Kwenye Lightroom Classic ni rahisi zaidi, ukieksipoti nenda sehemu ya File Settings, pale Color Space weka sRGB basi. Ile 219 inaandikwa upya kuwa 255, na hata apu ikitupa lebo hakuna hasara, maana simu ikikisia sRGB itakuwa imekisia sawa.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo pale watu wengi wanaangukia. Juu tu ya Convert to Profile kuna Assign Profile na majina yanafanana, lakini kazi zao zimepishana kabisa. Convert inabadilisha namba ili rangi ibaki vile vile machoni. Assign inaziacha namba kama zilivyo inabadilisha lebo tu, kwa hiyo rangi ndo inabadilika. Ukichukua picha ya Adobe RGB ukaifanyia Assign kwenda sRGB utaiona inapauka hapo hapo mbele yako, umejitengenezea mwenyewe lile tatizo la kwenye simu. Assign ina kazi moja nzuri sana, pale umepokea faili ambalo lebo ilishatupwa na limefubaa: unalifanyia Assign kwenda Adobe RGB kwanza, rangi zikirudi kawaida ujue umepatia, ndo unafanya Convert kwenda sRGB. Ukigeuza huo mpangilio haifanyi kazi.

Kama unataka kuhakikisha faili lina lebo gani na una exiftool kwenye kompyuta, ile programu ya kusoma taarifa za ndani ya faili, andika hivi kwenye terminal:

```
exiftool -ProfileDescription picha.jpg
```

Ikikujibu Adobe RGB (1998) usilitume bado. Isipojibu kitu, basi lebo haipo. Pia kama ni JPEG imetoka moja kwa moja kwenye kamera angalia jina la faili, zile za Adobe RGB kawaida huanza na mstari wa chini, mfano _DSC au _MG_. Mimi nashauri kamera iwekwe sRGB kama picha zako zinaishia kwenye simu. Kwa wanaopiga RAW hiyo setingi haibadilishi data ya picha, kala spesi utaichagua wakati wa kueksipoti.

Kuna kitu kimoja Convert haiwezi kukuokoa. Kwenye gauni langu kulikuwa na mikunjo iliyopigwa na mwanga, nyekundu yake ilikuwa 230 hadi 250 kwenye Adobe RGB huku kijani na bluu zikiwa karibu na sifuri. Kama 219 ndo inakuwa 255, zote za juu yake zinaenda wapi? Zinagonga dari, zote zinakuwa 255, na mikunjo inapotea kitambaa kinabaki bapa kama karatasi. Kwa hiyo kabla ya kueksipoti, kwenye Lightroom ukiwa Develop bonyeza S, inafunguka Soft Proofing, chagua sRGB, halafu washa alama ya onyo la rangi zilizozidi mpaka. Mimi nilishusha nyekundu peke yake, ukolezo kidogo na mwangaza kidogo, mikunjo ikarudi.

Nikamtumia tena, gauni likawa jekundu. Ila bado kwenye simu yake linakolea kidogo kuliko kwangu na hiyo sasa ni stori nyingine, simu yake iko kwenye modi ya skrini ya Vivid inayozikoleza rangi zote makusudi. Namna ya kutofautisha ni rahisi, kama faili moja kwenye simu moja liko sawa kwenye galari lakini limefubaa ndani ya apu, mshuku lebo kwanza. Kama kila picha kwenye simu ile inakolea, hata za watu wengine, hiyo ni skrini. Mimi simu ninayokagulia naiweka Natural na kuzima ule mwanga wa njano wa usiku, nikishaona iko sawa pale natuma, simu za watu wengine sizifukuzii.