Kabla ya kujitoa kwenye mfuko wa pensheni, andika barua ya kuuliza kwanza

Barua nyingi za kujitoa kwenye mifuko ya hiari ya pensheni hapa Kenya zina sentensi moja tu yenye uzito: naomba mnilipe pesa zangu. Anayeisoma barua hiyo ofisini ana haki ya kuichukua kama uamuzi uliokwisha. Anatoa fomu, unatia sahihi, kodi inakatwa na kupelekwa KRA, na kinachobaki kinaingia benki. Ukigundua baadaye kwamba hesabu ilikosewa, unadai pesa ambazo mfuko hauna tena. Ndiyo maana nashikilia kwamba barua ziwe mbili. Ya kwanza ni ya kuuliza tu, na iseme hivyo waziwazi. Ya pili ndiyo ya kujitoa.

Nitaeleza kwa mfano wa mama mmoja anayeuza mitumba Kongowea, Mombasa, ambaye nilimsaidia kuandika mwaka 2023. Alijiunga na mfuko wa watu binafsi Januari 2018, akawa anaweka shilingi 6,000 kila mwezi kwa M-Pesa kwa miaka 5, kisha biashara ikayumba akasimama. Michango yake ilikuwa 360,000. Pamoja na faida, taarifa yake ilionyesha 452,000. Alitaka kutoa zote alipe karo na kuongeza mzigo.

Kwa sheria ya wakati huo, anayetoa akiba kabla ya umri wa kustaafu alisamehewa kodi kwenye shilingi 60,000 kwa kila mwaka kamili wa uanachama, mwisho 600,000. Kilichozidi hapo, kwa mtu ambaye hajafikisha miaka 15 kwenye mfuko, kilitozwa kwa viwango vinavyofanana na vya mshahara, kuanzia asilimia 10 kwa 288,000 za kwanza. Kwa hiyo miaka yake 5 ilimpa msamaha wa 300,000. Zilizobaki ni 152,000, na asilimia 10 yake ni 15,200. Alitarajia kupokea 436,800.

Jibu la mfuko lilisema kodi ni 21,200.

Tofauti ya 6,000 si kubwa kwa mfuko, lakini kwake ilikuwa mchango wa mwezi mzima. Tulikaa na ile karatasi mpaka tukaona chanzo: kwenye mstari wa tarehe ya kujiunga paliandikwa 2019. Mfuko ulikuwa umebadilisha kampuni inayosimamia kumbukumbu, na siku rekodi zilipohamishwa ndiyo ikawa siku yake ya kujiunga. Michango ya mwaka wa kwanza ilikuwemo kwenye salio, ila mwaka wenyewe haukuhesabiwa. Msamaha ukashuka hadi 240,000. Alikuwa bado na barua ya kukaribishwa uanachama, yenye tarehe na mhuri. Tuliambatisha nakala, wakarekebisha, na hakuna kodi iliyokuwa imeshakwenda popote kwa sababu hakuwa ametia sahihi fomu yoyote.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Iliandikwa kwa wadhamini wa mfuko, kwa sababu wao ndio wenye dhamana kisheria hata kama anayejibu ni msimamizi. Kiini chake kilikuwa hiki:

"Mimi ni mwanachama wenu. Sijaamua kujitoa. Kabla sijaamua, naomba mnijibu kwa maandishi: tarehe yangu ya kujiunga kwa kumbukumbu zenu, jumla ya michango yangu na faida yake, kila moja peke yake, kiasi ninachoruhusiwa kutoa sasa na kinachobaki hadi nistaafu, kodi mtakayokata na jinsi mlivyoihesabu, na ada yoyote ya kujitoa."

Maneno "sijaamua kujitoa" msiyaache. Na pelekeni nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa mrudi nayo nyumbani.

Swali la kiasi kinachoruhusiwa linawahusu zaidi waliowahi kuajiriwa. Kama ulipoacha kazi ulihamishia akiba yako kwenye mfuko wa binafsi, ndani yake kuna fungu la mwajiri, na hilo halitoki lote kirahisi kabla ya kustaafu. Wengi hulijua jambo hili siku ya malipo. Ukiona unachotaka kukikimbia ni mfuko wenyewe, si akiba, uliza pia kuhusu kuhamia mfuko mwingine uliosajiliwa. Kuhama namna hiyo hakukatwi kodi, kwa sababu pesa hazijapita mkononi mwako.

Sasa, hesabu za huyu mama ni za 2023, msizinakili kwa barua ya leo. Tangu tarehe 27 Desemba 2024 sheria imebadilika: malipo kutoka mfuko uliosajiliwa hayatozwi kodi kwa aliyefikia umri wa kustaafu kwa mujibu wa kanuni za mfuko, anayetoka mapema kwa sababu ya ugonjwa, au aliyetimiza miaka 20 tangu asajiliwe uanachama. Tarehe ya kujiunga, iliyomgharimu mama yetu 6,000 kwenye karatasi, imekuwa nzito zaidi. Mtu wa mwaka wa 19 akijitoa leo bila kuuliza anaweza kulipa kodi ambayo miezi michache ingemwondolea kabisa. Kwa hiyo ongezeni swali: nitatimiza lini miaka 20, na kanuni zenu zinasema umri wa kustaafu ni upi?

Kuna jambo moja hapa ambalo naliona si haki. Kodi wakati wa kutoa inaeleweka kwa mwajiriwa: alipokuwa akichangia, mchango uliondolewa kwenye mapato yake kabla ya kodi, leo hadi 30,000 kwa mwezi. Serikali ilisubiri, sasa inachukua. Lakini muuza mitumba hana hati ya mshahara. Anayelipa kodi ya mauzo ghafi hutozwa kwenye mauzo yote bila kuondoa gharama yoyote, pensheni ikiwemo. Ameweka pesa bila nafuu yoyote, kisha anapotoa mapema anahesabiwa kama aliyeipata. Wadhamini husema wanafuata sheria, na ni kweli. Basi sheria ndiyo itofautishe hapo: mchango usiopata nafuu utoke wote, kodi iguse faida tu. Kwa mama wa Kongowea hiyo ingekuwa asilimia 10 ya 92,000, yaani 9,200.

Mfuko usipojibu, au ukijibu kwa simu tu, andika tena ukitaja tarehe ya barua ya kwanza, kisha peleka malalamiko kwa RBA, mamlaka inayosimamia mifuko hii, ukiambatisha ile nakala yenye mhuri. Usikubali kujaza fomu ili "mambo yaende haraka" kabla ya kupata hesabu.

Hesabu ikikubalika, ndipo barua ya pili inaandikwa: najitoa, kwa kiasi mlichokitaja kwenye barua yenu ya tarehe fulani, lipeni kwenye akaunti hii yenye jina langu. Weka nakala ya kitambulisho na PIN, na uombe cheti cha kodi iliyokatwa. Cheti hicho ndicho utakachokihitaji kwenye iTax unapojaza marejesho ya mwaka huo, kabla ya tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata.